Ujumbe wa kwanza kwa mteja asiyekujua: orodha ya bei au swali moja?

Tuchukue biashara moja tuishikilie mpaka mwisho. Mtu anakausha, anachambua na kufunga pilipili manga Chake Chake, Pemba. Wateja alionao ni majirani na maduka mawili matatu ya mjini hapo, wanaonunua kwa pakiti ndogo. Anachotaka sasa ni jikoni za mikahawa ya upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani na Bwejuu, ambako pilipili manga hutumika kwa kilo. Namba ya mkahawa mmoja ameiona kwenye ukurasa wao wa Instagram. Hamjui mtu pale, na pale hakuna anayemjua yeye. Anafungua WhatsApp. Aandike nini?

Wafanyabiashara wadogo wa visiwani hutumia njia nne: orodha ya bei yenye picha, ujumbe mfupi wenye swali moja, salamu peke yake, na sauti iliyorekodiwa. Ushindani wa kweli uko baina ya mbili za mwanzo, kwa hiyo hizo ndizo tutakazozikalia. Mbili za mwisho zina pahali pake, lakini ni padogo.

Kabla ya kuzilinganisha, jiweke upande wa pili wa simu. Namba yako haijahifadhiwa, kwa hiyo mpokeaji haoni jina lako kama anavyoona la mtu anayemfahamu. Kwenye kioo kilichofungwa anaona mstari mmoja au miwili ya mwanzo, basi. Akiufungua ujumbe, WhatsApp inamwekea pale pale nafasi ya kukuzuia, kukuripoti au kuihifadhi namba yako. Namba hiyo hiyo ndiyo wageni wanayotumia kuulizia meza ya jioni, kwa hiyo ujumbe wako umeingia katikati ya wateja wake mwenyewe. Uamuzi wa kukusoma au kukuacha hufanyika kwenye ile mistari miwili, wala haungoji ufike chini kwenye bei.

Ujumbe wa orodha

> *KARIBUNI WATEJA WETU WAPENDWA!!!* 🌿🌿 Tunauza viungo halisi vya Pemba kwa jumla na rejareja. Pilipili manga, mdalasini, iliki, manjano, kungumanga na vyenginevyo. Bei zetu ni nafuu kuliko popote. Tunapeleka mzigo popote ulipo. Piga simu sasa, WAHI KABLA HAZIJAISHA!!!

Nyuma yake zinafuata picha sita na karatasi ya bei.

Ujumbe wa swali

> Assalaam alaykum Bi Fulani. Namba yako nimeiona kwenye Instagram ya mkahawa wenu. Naitwa (jina), nakausha pilipili manga Chake Chake. Nimeona kwenye menyu yenu kuna kaa wa pilipili manga, ndiyo sababu ya kuandika. Mzigo wangu unakuja Unguja kila Jumatano kwa boti ya Mkoani. Ningependa mpishi wenu aonje gramu 50, bila malipo. Je, nikuletee Jumatano hii?

Ukiziweka pamoja, tofauti ya kwanza inaonekana kwenye ile mistari miwili ya kioo. Wa orodha unaanza na "wateja wetu wapendwa". Mpokeaji si mteja wako, na anajua kwamba maneno hayo yameandikiwa watu mia. Wa swali unaanza na jina lake na kumwambia namba umeitoa wapi. Hilo la namba watu wengi huliruka, na ndilo linaloondoa wasiwasi wa mwanzo, kwa sababu suala la kwanza la mtu anayeandikiwa na namba ngeni ni hilo: huyu amenipata wapi? Ukilijibu kabla hajauliza, amebaki na nafasi ya kusoma kinachofuata.

Tofauti ya pili ni kile unachomtaka afanye. Orodha inamwambia apige simu. Kupiga simu ni kazi, kunakula muda na salio lake, na mtu asiyekujua hana sababu ya kuvigharimu. Swali la "nikuletee Jumatano hii?" linajibiwa kwa "ndiyo", "hapana" au "lete wiki ijayo", tena hata akiwa amesimama mbele ya jiko. Siku iliyotajwa inasaidia zaidi kuliko "lini una nafasi?", kwa sababu suala la wazi linampa mtu kazi ya kufikiri ratiba yake, na mtu mwenye shughuli huliahirisha jibu hadi likasahaulika.

Ya tatu ni ushahidi. "Viungo halisi" na "nafuu kuliko popote" kila muuzaji huyasema, na mpishi hana njia ya kuyapima akiwa na simu mkononi. Gramu 50 anaweza kuzipima. Na hapa pelekea punje nzima, usisage. Mpishi anayeijua kazi yake huogopa unga wa mtu asiyemfahamu, kwa kuwa unga hauonyeshi kilichosagwa ndani. Mbegu za papai zilizokaushwa zinafanana sana na pilipili manga, na wadanganyifu huzichanganya tangu zamani. Punje nzima atazimwaga kwenye kiganja, ataangalia kama kuna vijiti, vumbi na punje nyepesi zilizo tupu ndani, kisha atapasua mbili tatu kwa kisu na kunusa. Harufu ya pilipili manga hupotea haraka ikishasagwa, kwa hiyo hata kwa upande wa harufu punje inakutetea kuliko unga.

Iko tofauti ya nne ambayo haionekani kwenye maneno, nayo ndiyo inayowaumiza wengi. Ujumbe wa orodha karibu kila mara hutumwa kwa ile orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo inakubali watu 256 kwa mara moja. Orodha hiyo ina sharti: ujumbe unamfikia yule tu ambaye ameihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mteja asiyekujua hajaihifadhi. Maana yake, ukiwatumia mikahawa arobaini kwa njia hiyo hakuna anayeupata, nawe unabaki unasema watu wa Paje hawajibu. Anayeligundua hilo huhamia kutuma kwa mkono, mmoja mmoja, maneno yale yale, picha zile zile. Sasa ujumbe unafika, lakini unafika kwa watu wasioutaka, na baadhi yao wanabonyeza kuripoti. Anayeripoti huwa ameipelekea WhatsApp nakala ya jumbe tano za mwisho ulizomtumia. Ripoti zikikusanyika, akaunti hufungiwa, na pamoja nayo yanafungwa mazungumzo na wale wateja wa Chake Chake uliokuwa nao. Ujumbe wa swali hauwezi kutumwa hivyo hata ukitaka, maana kaa wa pilipili manga yumo kwenye menyu ya mkahawa mmoja na hayumo kwenye ya mwengine. Unakulazimisha uangalie kwanza. Katika asubuhi moja utaandika jumbe nne au tano, si zaidi, na hiyo ndiyo idadi inayofaa.

Orodha inaposhinda

Usiitupe orodha. Mkahawa ukitangaza kwamba unatafuta mtu wa kuleta viungo na kusema "tuma bei", ukija na swali na hadithi ya boti utaonekana unazunguka. Hapo wanataka bei, na wanazilinganisha za watu kadhaa. Lakini iwe orodha inayoweza kulinganishwa:

> Assalaam alaykum. Najibu tangazo lenu la jana la viungo. Pilipili manga nzima, iliyochambuliwa, kutoka Pemba: kilo shilingi 22,000, imefika mlangoni kwenu Paje, kuanzia kilo 3. Mfuko wa kilo 1 uliofungwa kwa joto. Bei hii ni hadi tarehe 30. Risiti ipo. Sampuli naweza kuifikisha Jumatano.

Bidhaa moja, hali yake, kipimo, bei, pahali bei hiyo inapoishia, kiwango cha chini, na siku ya mwisho ya bei. Kikikosekana kimoja katika hivyo, mnunuzi atalazimika kukuuliza, na kama wenzako wawili wamekamilisha, hatauliza.

Hiyo 22,000 ni mfano wa hesabu, weka bei yako. Muhimu ni namna ilivyopatikana, maana hapa ndipo muuzaji wa Pemba anapojikata. Tuseme pilipili iliyofungwa tayari inakusimamia, pamoja na faida yako, shilingi 20,000 kwa kilo ukiwa Chake Chake. Kuitoa hapo hadi Mkoani, boti mpaka Malindi, kisha daladala hadi Paje, tuseme ni 6,000 kwa mzigo mmoja, uwe mzito au mwepesi. Ukipeleka kilo moja, kilo hiyo imekuwa 26,000. Ukipeleka tatu, ile 6,000 inagawanyika, kila kilo inabeba 2,000, nayo inatoka 22,000. Kwa hiyo "kuanzia kilo 3" ndiyo sharti linaloishikilia bei. Ukitaja 22,000 bila ya sharti hilo, mteja wa kwanza ataagiza kilo moja ajaribu, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, nawe utampelekea kwa kumpunguzia 4,000 mfukoni mwako au utarudi kumwambia bei si ile. La pili ni baya zaidi.

Bei iwemo kwenye ujumbe wa swali?

Hapa wauzaji wazuri hawakubaliani. Kuna wanaosema bei ikitajwa mapema mteja ataikataa kabla hajaonja. Kuna wanaosema kuificha kunachosha watu, na kila mtu ameshachoka na "njoo inboksi". Sisi tunaangalia bidhaa yenyewe. Pilipili manga iliyokauka haibadiliki bei kati ya Jumatatu na Jumatano, na wewe unauza kitu kimoja. Bei iwemo, kwa sentensi moja, baada ya sampuli na kabla ya swali: "Ikimpendeza, kilo ni 22,000 imefika Paje, kuanzia kilo 3." Swali libaki mwisho, kwa sababu mtu hujibu kile alichokisoma mwisho.

Anayeuza samaki, pweza au mboga mbichi yuko kwenye hali nyengine. Bei yake ya leo haitakuwa ya kesho, na akiitaja kwenye ujumbe wa kwanza, mteja ataifungua wiki ijayo na kumshikia hapo. Yeye aseme namna bei inavyokuja: "Bei ya siku nakutumia saa moja asubuhi, ukiitaka unajibu kabla ya saa mbili." Hiyo ni ahadi anayoweza kuitimiza, na mnunuzi wa jikoni anaielewa mara moja.

Salamu peke yake

"Assalaam alaykum", kisha kimya, unangoja ajibu ndipo useme shida yako. Uso kwa uso hiyo ndiyo adabu. Kwenye simu, na namba ngeni, inamwacha mwenzako na maswali mawili: ni nani, na anataka nini? Walaghai wa mitandaoni nao wanaanza hivyo hivyo. Mwengine atajibu "Waalaykum salaam" kwa sababu salamu ina haki yake, halafu akaendelea na kazi, na ukija kuandika haja yako baada ya saa mbili ameshaisahau. Salamu ibaki, ila iende na ujumbe mmoja pamoja na haja. Iandike kamili, usiifupishe kwa herufi mbili, na usiirefushe ikala ule mstari wa kwanza wote. Habari za nyumbani, za kazi na za watoto zitakuja mkishajuana.

Salamu ipi? Ukijua jina au mkahawa wenyewe unaonyesha, "Assalaam alaykum" inatosha. Mahoteli mengi ya mashariki na kaskazini yana wafanyakazi kutoka Bara na wenyewe kutoka nje, na hapo "Habari za asubuhi" haimkosi mtu. "Shikamoo" iache kwa asiyejulikana umri wake, maana unaweza kumpa kijana wa miaka ishirini na tano anayeshika simu ya mkahawa. "Bi" na "Bwana" pamoja na jina zinatosha heshima. "Bosi", "mpendwa" na "mrembo" ziondoe kabisa. Na kama ukurasa wao wote umeandikwa Kiingereza, andika maneno hayo hayo kwa Kiingereza kifupi.

Sauti iliyorekodiwa

Sauti ina faida moja ya kiufundi: WhatsApp huipakua yenyewe siku zote, hata kwa mtu aliyezima upakuaji wa picha ili kuokoa bando. Nyengine ni kwamba mwenye duka mzee, ambaye kusoma maandishi madogo kunamsumbua, atakusikiliza vizuri zaidi kuliko atakavyokusoma. Lakini kwenye kioo haionyeshi chochote isipokuwa muda wake, jikoni kuna kelele, na mpishi hawezi kumwonyesha mwenye mkahawa "kilo 22,000, kuanzia kilo 3" bila ya kumsikilizisha yote. Kwa mteja asiyekujua, sauti iwe ya pili, baada ya yeye kujibu, na isizidi nusu dakika. Akianza yeye kwa sauti, nawe mjibu kwa sauti, kisha bei uirudie kwa maandishi chini yake.

Ukiwa na mtu wa kukutambulisha

Hali hii inabadilisha ulinganisho wote. Kwenye visiwa ambavyo watu wanajuana, jina la mtu anayemfahamu lina uzito kuliko sampuli. Likae kwenye mstari wa kwanza, mara tu baada ya salamu: "Namba yako amenipa Bwana Fulani wa duka la Mwanakwerekwe." Usilitumie kabla hujamwomba mwenye jina, na umwambie siku utakayoandika. Mpokeaji atampigia kuuliza, na akijibiwa "mimi? sijampa mtu namba", mlango huo umefungika, na wa huyo mwenye jina pia. Ukiwa na utambulisho wa kweli, swali fupi linashinda njia zote, na hata salamu peke yake haidhuru sana kwa sababu mwenzako ameshaambiwa utamwandikia.

Simu yako kabla ya kutuma

Mtu akipata ujumbe wa namba ngeni uliomgusa kidogo, kitu cha kwanza anachobonyeza ni picha ya mwenye namba. Akikuta picha ya harusi au hakuna picha kabisa, amerudi kwenye shaka. WhatsApp Business haina malipo, na ndani yake unaweka jina la biashara, anwani, saa za kazi na katalogi ya bidhaa. Weka picha ya mfuko wako wa pilipili uliopigwa mchana kwenye mwanga wa jua, lebo ikisomeka. Picha zile sita ulizotaka kuzituma ziingie kwenye katalogi. Anayetaka kuona ataziona, na asiyetaka hakuliwa bando lake. Picha uliyoipata kwenye kundi na kuisambaza usiitumie hata moja, kwa kuwa inakuja na alama ya kusambazwa juu yake, na mpokeaji anajua kwamba si pilipili yako.

Kama namba umeinakili kutoka kwenye bango au ukurasa na huna hakika ina WhatsApp, huna haja ya kuihifadhi kwanza. Andika hivi kwenye kivinjari cha simu, ukiweka 255 badala ya sifuri ya mwanzo, bila ya alama ya kujumlisha na bila ya nafasi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Ikifungua mazungumzo, angalia picha na jina vinavyotokea. Ukikuta ni namba ya mtu binafsi, pengine ya mfanyakazi aliyekuwa akishika simu mwaka jana, tafuta nyengine.

Saa nne hadi saa tano asubuhi ndiyo nafasi nzuri kwa mkahawa: kifungua kinywa kimekwisha, chakula cha mchana hakijaanza, na anayeshika manunuzi ametulia. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane usiandike. Ramadhani mikahawa mingi haifungui mchana, kwa hiyo mahitaji na saa za kazi vyote vimebadilika. Na kwa upande wa watalii kuna msimu: wakati wa masika, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga au hupunguza jikoni. Ujumbe wa mwanzo wa Aprili utasomwa na mtu asiyenunua. Ujumbe wa wiki ya mwisho ya Mei unamkuta anapanga stoo kwa ajili ya Juni na Julai, na hapo gramu 50 zako zinaingia mahali pake.

Angalizo moja kwa anayetaka kuongeza bidhaa kwenye ujumbe ili uonekane umejaa: karafuu usiiweke. Biashara yake Zanzibar inasimamiwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuitangaza kwa kilo kwa mtu usiyemjua ni kujitafutia kesi ya magendo.

Baada ya kutuma

Alama zinakwambia mengi. Tiki moja kwa siku mbili: simu imezimwa, haina bando, namba haitumiki tena, au umezuiwa. Ikiwa na picha yake nayo imetoweka ghafla, basi kuzuiwa kuna uwezekano mkubwa, usitafute namba ya pili ya mkahawa huo. Tiki mbili za kijivu: umefika, haujafunguliwa, au amezima alama za kusoma. Mbili za buluu na hakuna jibu: amesoma, na hakuona haja ya leo. Ukigundua umekosea jina au bei, una dakika 15 za kuuhariri ujumbe. Zaidi ya hapo tuma masahihisho ya mstari mmoja.

Kukumbusha ni mara moja, baada ya siku nne au tano, na kuwe na kitu kipya. "Umeona ujumbe wangu?" ni kumdai mtu jibu ambalo hakukuahidi. Linganisha na huu:

> Sabalkheri Bi Fulani. Jumatano nakuwa Paje na mzigo wa mkahawa mwengine. Naweza kuipitisha ile sampuli ya gramu 50 mapokezi, bila ya kumsumbua mpishi. Niipitishe?

Usiandike hivyo kama huna mzigo wa Paje. Hapo ni pahali padogo, na uongo wa aina hiyo unajulikana kabla ya Alasiri.

Majibu yenyewe huja ya aina tatu. "Bei?" ndilo la kawaida kama hukuitaja. Jibu kwa mstari mmoja ule ule wenye kilo, pahali na kiwango cha chini, kisha rudi kwenye sampuli. Usimpelekee sasa karatasi nzima ya bei. "Tuna mtu anayetuletea" si mlango uliofungwa. Jibu "Shukran kwa kunijibu. Akikwama siku moja, mimi nipo kila Jumatano", halafu nyamaza. Boti zikizuiwa na upepo au msimu ukiwa mkubwa, mtu huyo hukwama kweli, na namba yako imeshaandikwa. La tatu ni suala la makaratasi.

Hilo la makaratasi ndilo linalotenganisha mkahawa mdogo na hoteli kubwa. Mkahawa ananunua mwenyewe au mpishi wake, na sampuli inamshawishi. Hoteli ina ofisa wa manunuzi, na yeye hata akiipenda pilipili hawezi kukulipa bila ya risiti inayotambuliwa na mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ZRA, na kwa chakula kilichofungwa atauliza usajili wa wakala wa chakula na dawa, ZFDA. Ukimwandikia ofisa huyo, ondoa sentensi ya kaa wa pilipili manga na mahali pake weka makaratasi uliyonayo: "Biashara imesajiliwa, risiti natoa." La ZFDA liongeze kama kweli unalo. Kama huna bado, usiandike kwamba liko njiani. Anza na mikahawa ya Jambiani inayonunua kilo tatu tatu, na hoteli uiandikie siku cheti kitakapokuwa mkononi.